Mwanamke asiye na kadi ya kliniki: barua ya wazi kuhusu mimba ya nje ya kizazi

Kwa Wizara ya Afya, Ofisi ya Rais TAMISEMI, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na wafamasia mnaopanga kipi kikae kwenye kabati gani,

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijijini, kilomita 46 kutoka hospitali ya wilaya, na kati ya hizo lami ni 11 tu. Zahanati yangu siitaji, wala vituo vingine nitakavyovigusa, kwa sababu sikuja kushitaki mtu. Nimekuja kuwaeleza habari ya mwanamke mjamzito ambaye mipango yetu haimuoni. Hana tumbo, hana kadi, pengine hata yeye mwenyewe hajui kama ana mimba, na wakati huohuo ndiye anayeweza kufa kabla jua halijazama.

Aliletwa Jumanne moja ya masika, saa 2:40 asubuhi, kwa bodaboda. Alikaa katikati, dereva mbele, mumewe nyuma akimshikilia asianguke. Ana miaka 24, mtoto mmoja, anauza vitumbua stendi. Kabla sijauliza chochote mumewe alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nesi, ni taifodi hii na yutiai, tumeshapima jana. Tunaomba dripu tu, nguvu zimemuishia."

Karatasi ilikuwa ya kituo kingine. Jumatatu alikuwa amepimwa mkojo na kipimo cha Widali, akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa siprofloksasini ya siku saba. Kabla ya hapo, Jumamosi, alipita duka la dawa akapewa flagili na vidonge vya maumivu. Na kabla ya duka, mama mkwe alikwisha kusema hilo ni chango, akamchemshia mizizi. Kwa hiyo siku nne mwanamke yule alihudumiwa na watu watatu, kila mmoja kwa nia njema, na hakuna aliyeuliza siku zake za hedhi.

Nikamuuliza mimi. "Mdogo wangu, mara ya mwisho umeona lini siku zako?"

"Ninazo hata sasa, dada. Tangu Ijumaa."

"Zimekuja kwa tarehe yake?"

"Zilichelewa. Kama wiki mbili hivi."

"Na damu ikoje?"

"Nyeusinyeusi, kama kahawa. Hata pedi haijai."

Hapo ndipo nilipoacha kalamu. Mwanamke aliyepitiliza siku zake, kisha akaona matone meusi yasiyofanana na hedhi yake ya kawaida, na maumivu makali yamekaa upande mmoja chini ya kitovu, huyo ana mimba iliyotunga nje ya kizazi mpaka ithibitike vingine. Nikamuuliza anaumwa wapi hasa. Akaweka vidole viwili kulia, juu kidogo ya kinena. Kisha akasema jambo ambalo mumewe aliliona la ajabu: alfajiri alihisi haja kubwa ya ghafla, akaenda chooni, hakikutoka kitu, akazimia mlangoni. Na tangu hapo kila akilala chali bega linamuuma.

Naomba nikae hapo kwenye bega, kwa sababu wengi hulikosa. Damu inayovuja kutoka kwenye mrija wa uzazi uliopasuka haitoki nje. Inajikusanya ndani ya tumbo. Mgonjwa akilala, damu hiyo hupanda mpaka chini ya kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ikakichokonoa. Mshipa wa fahamu wa kiwambo kile unatoka shingoni, jirani na mishipa ya bega, kwa hiyo ubongo unadhani bega ndilo linalouma. Ile haja kubwa ya uongo nayo ni damu, safari hii imetuama nyuma ya kizazi inabana utumbo. Mwanamke aliyezimia chooni huku analalamika bega, anatuambia kwa lugha ya mwili wake kwamba tumbo limejaa damu. Sisi tunamwandikia dawa ya kuhara.

Presha yake ilikuwa 100 kwa 60. Mwenzangu alifurahi. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, na hilo halikumfurahisha mtu kwa sababu hakuna aliyeliangalia. Mwili wa msichana ni mdanganyifu. Anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake, ambayo kwa mwanamke wa kilo 55 ni lita moja hivi, huku namba ya juu ya presha ikiendelea kuonekana ya heshima, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Presha ikianguka, akiba imeshakwisha. Ndiyo maana mimi nimejizoeza kuzilinganisha namba mbili: mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, yaani 118 dhidi ya 100 kama hapa, sisubiri tena. Na kipimo cha wingi wa damu kisitutulize. Chake kilisoma 10.8. Anayevuja damu nzima hubakiwa na damu nzima iliyopungua kiasi, na kipimo hakianzi kushuka mpaka maji ya mwili au ya dripu yaichanganye.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha mimba. Na hapa, waheshimiwa, ndipo barua hii ilipozaliwa.

Vile vijiti vya mkojo tunavyo. Bohari ya Dawa inatuletea tukiagiza. Lakini vinakaa kwenye kabati la chumba cha mama na mtoto, kwa sababu vimehesabiwa kuwa mali ya uzazi wa mpango na kliniki ya wajawazito. Siku ile mwenye ufunguo alikuwa semina mjini. Nikamtuma dereva wa bodaboda duka la dawa muhimu, akarudi baada ya dakika ishirini na kitu na kijiti kimoja, kwa pesa ya mfukoni mwangu isiyozidi bei ya soda mbili. Nikakichovya, nisipite mstari wa MAX, nikakilaza mezani. Ndani ya dakika tatu mistari ilikuwa miwili, wa C na wa T, na wa T umekolea. Mume aliitazama mistari ile kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho aliyoiona mimba ile.

Dakika ishirini kwa mtu anayevuja damu ndani ni nyingi sana. Lakini hizo ni zangu. Fikirini zile siku nne. Jumamosi mrija ulikuwa bado haujapasuka. Mimba inayonasa kwenye mrija, na zaidi ya tisa katika kila kumi za aina hii hunasa humo, inakua mahali pasipo na nafasi. Mrija kwa nje una unene kama wa penseli, na ukuta wake ni mwembamba. Mizizi ya mimba inachimba ukuta huo kutafuta damu, kama ambavyo ingechimba kizazi, ila kizazi kina misuli minene ya kuvumilia na mrija hauna. Kwa hiyo kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 8 tangu hedhi ya mwisho, ama unavuja kidogokidogo kwa siku kadhaa, ama unapasuka kwa mkupuo. Maumivu ya Jumamosi yalikuwa onyo. Sindano ya Jumatatu ilinyamazisha onyo lile, damu ikaendelea kuvuja.

Sisemi kila maumivu ya upande mmoja katika mimba changa ni haya. Yai linapotoka huacha kifuko kwenye kokwa la mayai, nacho huweza kuuma upande ule wiki za mwanzo na mimba ikawa salama kabisa kizazini. Kuna kidole tumbo, kuna kokwa lililojisokota, kuna mimba inayoharibika mahali pake. Na yutiai zipo kweli, na taifodi ipo kweli. Ninachosema ni kwamba kumtofautisha mwanamke wa hatari na wa kawaida kunaanza na swali moja na kijiti kimoja, na vyote viwili vinatakiwa vitangulie Widali. Vitangulie hata kama anasema yuko kwenye siku zake, au ana kitanzi, au alifunga uzazi. Kitanzi na kufunga uzazi vinazuia mimba vizuri sana, lakini ikitokea ile moja iliyoponyoka, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kawaida. Na msichana wa shule aliyekuja na mama yake atasema hapana hata kama ni ndiyo. Mtoeni mama nje kwanza, kisha pimeni tu.

Kuna na hili ambalo tunaliongelea kwa kunong'ona. Wasichana wananunua vidonge vya kutoa mimba bila kuandikiwa na mtu. Damu ikitoka wanashukuru wakidhani yamekwisha. Vidonge vile vinafanya kazi kwenye misuli ya kizazi. Mimba iliyo kwenye mrija haitikisiki. Kizazi kinatoa utando wake, yeye anaona damu, na mimba inaendelea kukua kule kule. Anarudi kwetu baada ya wiki na tumbo la upande mmoja, anaogopa kusema alichomeza, nasi tunaandika maambukizi ya kizazi. Sheria ni sheria, sina mamlaka nayo. Lakini yule anayemhofia nesi kama askari atakufa na siri yake, na sisi tulio mezani tunaweza kuamua sauti ya kuulizia.

Nirudi kwa dada yangu. Nilimweka kanyula mbili nene, moja kila mkono, nikamtundikia maji ya Ringa, lakini sikuyafungulia yatiririke. Ukimjaza maji mpaka presha ipande sana unasukuma damu zaidi kutoka kwenye tundu lililo wazi na kuizimua iliyobaki. Namba ya juu ikishikilia 90 na mgonjwa anajibu maneno, inatosha njiani. Sikumpa chai, ingawa mama mkwe alikuwa na chupa yake tayari, kwa sababu anakwenda kwenye usingizi wa upasuaji. Nikapiga 115.

Hapo nina ombi dogo. Namba hiyo ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, ni bure na imetusaidia sana sisi wa vijijini kwa wazazi na vichanga. Naomba wanaopokea simu nchi nzima wawe na mwanamke huyu kichwani: asiye na uchungu, asiye na miezi, mwenye wiki sita na mistari miwili na aliyezimia. Huyu ni mjamzito wa dharura sawasawa na anayetoka damu mwezi wa tisa. Na naomba tuliopo zahanati tuache kuandika kwenye rufaa "maumivu ya tumbo kwa uchunguzi". Nilimwandikia hivi: mimba ya nje ya kizazi iliyopasuka, andaeni chumba cha upasuaji na damu. Mtu wa mapokezi akisoma "kwa uchunguzi" anamwelekeza kwenye foleni.

Foleni yenyewe ni ya ultrasaundi. Nimewahi kuipoteza roho kwenye benchi la foleni hiyo, miaka iliyopita, kituo kingine, msichana wa miaka 19 akisubiri mpiga picha arudi kutoka chakula cha mchana. Kwa mgonjwa aliyetulia ultrasaundi ni lazima, tena ya kuingiza ukeni ndiyo inayoona mapema, na isipoonyesha kitu kizazini wala nje, haimaanishi salama. Anatakiwa kupimwa tena baada ya siku mbili, na aambiwe waziwazi dalili za kumrudisha usiku huohuo. Lakini kwa mwenye mistari miwili, tumbo gumu na mapigo 118, picha haiongezi kitu ambacho kisu hakitakiona. Daktari aliyempokea dada yangu alijua hilo. Alichoma sindano tumboni, akavuta damu nyeusi, akaiacha kwenye bomba dakika kadhaa wote wakiitazama. Haikuganda. Damu ya mshipani ingeganda. Iliyokaa tumboni imeshatumia uwezo wake wa kuganda. Wakamwingiza ndani.

Walikuta mililita 1,800. Mrija wa kulia umepasuka katikati, ukafungwa na kuondolewa, wa kushoto mzima. Benki ya damu ya hospitali ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Nyingine mbili zilitoka tumboni mwake mwenyewe: waliichota kwa bakuli safi la upasuaji, wakaichuja kwa shashi zilizokunjwa tabaka kadhaa, mabonge yakabaki juu, wakaiingiza kwenye mifuko yenye dawa ya kuzuia kuganda, wakamrudishia mkononi. Njia hiyo ni ya zamani na inafaa damu ikiwa mbichi, isiyo na harufu, na utumbo haujatoboka. Haihitaji ndugu wa kuchangia saa saba mchana. Inahitaji mifuko mitupu iwe ndani ya chumba cha upasuaji, na mtu aliyewahi kuiona ikifanyika.

Njiani gari lilipita mbele ya kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Kinapasua wazazi kila wiki. Hakikumpokea, kwa sababu wamezoea kwamba kesi za "wanawake" ni za wilayani na zao ni za kujifungua. Waheshimiwa, anayeweza kumfungua mama tumbo, kutoa mtoto na kushona kizazi, anaweza kubana mrija kwa koleo mbili, kuukata na kuufunga. Vifaa ni vilevile, usingizi ni uleule, na kazi ni fupi zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia rasmi kwamba hii ni kazi yao, na siku chache za kusimama pembeni ya mzoefu. Kilomita 29 zilizobaki baada ya kile kituo zilimshusha presha mpaka 84 kwa 50.

Najua ipo dawa, methotreksati, inayoweza kumaliza mimba hii bila kisu ikigundulika mapema, ikiwa ndogo, haina mapigo na mgonjwa ametulia. Siiombi kwa zahanati. Inadai kupima homoni ya mimba kwenye damu siku ya 4 na ya 7 na kuendelea mpaka iishe, na mrija bado unaweza kupasuka katikati ya safari hiyo. Mtu anayeishi kilomita 46 na nauli ya msimu haifai kuwekwa kwenye kamari hiyo. Ibaki mahali penye maabara na kitanda.

Kuna jambo la mwisho, la vitabu. Tafsiri ya kifo cha uzazi tunayoitumia, ya Shirika la Afya Duniani, inasema bila kujali muda wa mimba wala mahali ilipokuwa. Mahali ilipokuwa: maneno hayo yamewekwa kwa ajili ya wanawake hawa. Ila yule wa miaka 19 alifia idara ya wagonjwa wa nje, hakuwahi kuwa na kadi, na kitabu kikaandikwa upungufu wa damu. Kikao cha kupitia vifo vya uzazi kilikaa mwezi ule na yeye hakutajwa. Waganga wakuu mnaoongoza vikao hivyo, fungueni na kitabu cha wagonjwa wa nje, na cha wodi ya wanawake, mtafute kila mwanamke wa umri wa kuzaa aliyekufa kwa tumbo, kuzimia au upungufu wa damu wa ghafla. Hata msamaha wa gharama kwa wajawazito unaishia kwenye kadi. Mume wa dada yangu aliuza baiskeli kulipia upasuaji ambao, ungekuwa wa mwezi wa tisa, asingeulizwa hata senti. Andikeni mstari mmoja kwamba kijiti chenye mistari miwili ni kadi tosha.

Alikuja kunisalimia baada ya wiki sita, na vitumbua. Mumewe alitaka kujua kama mimba ile isingeweza kuhamishwa tu ikawekwa mahali pake. Haiwezekani, nikamwambia, hakuna popote duniani wanapofanya hivyo. Nikamwambia mkewe kwamba mrija wa kushoto unatosha kuzaa, lakini tukio hili hujirudia kwa mmoja kati ya kumi hivi, kwa hiyo siku zikipitiliza hata kwa wiki moja aje, asingoje tumbo. Akauliza aje na nini. Nikamwambia aje na mkojo.

Vijiti sasa viko mezani kwangu, kwenye kopo la siagi, karibu na kipima presha. Nilinunua 25 kwa pesa yangu, kwa sababu vya kabatini bado ni vya chumba kile kingine na ukaguzi ukija vitahesabiwa. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayekuja na tumbo au kizunguzungu anachovya kabla hatujaongea mengine. Wengi ni mstari mmoja, wanacheka, tunaendelea na yutiai yao. Watatu walikuwa miwili bila kutarajia, na mmoja kati yao nilimpa rufaa siku hiyohiyo, akafika hospitali anatembea kwa miguu yake.

Vimebaki saba.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga, zahanati ya kijijini